CV ya Meli kwa Mtoto wa Mbeya: Wanaanza Kusoma Tarehe

Nimefanya kazi kwenye meli za watalii, upande wa vyumba, na tangu nirudi Mbeya vijana wengi wananifuata na CV zao, wengine wanaleta karatasi wengine wananitumia tu Wasapu usiku, "dada naomba unipitie hii". Na karibu zote nazozipitia zina tatizo lile lile: zimeandikwa kama CV ya kuomba kazi ofisini. Mtu anaanza na jina la baba, dini, kabila, shule ya msingi aliyosoma kule Tukuyu au Rungwe, halafu ukurasa wa pili ndo unakuta amefanya kazi hotelini, halafu ukurasa wa nne huko mwisho kabisa, chini ya mambo anayopenda, ndo kaandika kwamba ana vyeti vya usalama baharini. Inaniuma kwa sababu huyo mtu kalipa hela ya maana kusomea hivyo vyeti, kapanda basi hadi Dar, kalala kwa ndugu kipindi chote cha kozi, halafu kitu chenyewe kakificha mahali ambapo msomaji hafiki.

Naongelea meli hapa, siyo ndege. Mashirika ya ndege kwa kawaida yanakuchukua kwanza halafu yanakufundisha usalama yenyewe kwenye ndege zao, kwa hiyo CV ya ndege inabebwa zaidi na huduma kwa wateja na lugha. Meli ni tofauti. Sheria ya kimataifa ya mabaharia, ile inayoitwa STCW ya mwaka 1978 ambayo ilirekebishwa sana Manila mwaka 2010, inataka hata weita na mtu wa kutandika vitanda, kama ana kazi yoyote ya kufanya siku ya dharura, awe na mafunzo ya msingi ya usalama, na kwenye meli ya abiria karibu kila mfanyakazi ana kazi siku ya dharura. Ndo maana mtu anayechambua CV za meli anatafuta kitu kimoja kabla ya vyote: huyu anaweza kupanda meli tarehe ninayomtaka, na karatasi zake zitakuwa hai mpaka mkataba uishe? Basi. Akishajibiwa hilo ndo anaanza kuangalia kama unajua kubeba trei.

Ngoja nielezee kwa CV ya binti mmoja wa Uyole ambayo tuliifumua na kuishona upya, mwenyewe kanikubalia niisimulie ila jina siliweki. Alifanya uweita kwenye loji moja hapa mjini toka Januari 2020 hadi Mei 2022, akahamia kwenye kambi ya watalii ndani ya Hifadhi ya Ruaha kule Iringa toka Juni 2022 hadi Machi 2024, halafu Agosti 2024 akaenda Dar kusoma mafunzo ya usalama. Oktoba akawa anataka kuomba uweita kwenye meli, kupanda tarehe 10 Januari 2025, mkataba wa miezi 9. CV yake ilikuwa kurasa nne.

Tulichofanya kwanza ni kuandika juu kabisa, chini ya jina na namba ya simu, mistari michache tu: nafasi anayoomba, uraia, na tarehe aliyo tayari kupanda meli. Halafu hapo hapo, kabla ya kazi, jedwali la vyeti. Kila cheti kina jina lake, namba yake, nani kakitoa, tarehe kilipotolewa na tarehe kinapoisha. Mafunzo ya msingi ni vyeti vinne, hata kama chuo kimekupa karatasi moja: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza ya awali, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii. Kila kimoja kina kifungu chake kwenye sheria, kuanzia A-VI/1-1 mpaka A-VI/1-4, na ni vizuri hizo namba ziwepo kwa sababu mtu wa Manila au Miami hajui chuo chako lakini hizo namba anazijua. Cha tano ni cha ulinzi melini, A-VI/6-1 kile cha uelewa wa jumla au A-VI/6-2 kwa mwenye majukumu maalum ya ulinzi. Binti alikuwa na hivyo vyote ila aliandika neno moja tu, "STCW", yaani mstari mzima umekaa na neno moja.

Tarehe ziandikwe mwezi kwa herufi. Hili naomba mlishike sana. Ukiandika 05/06/2024 sisi tunasoma tarehe 5 Juni, Mmarekani anasoma tarehe 6 Mei, na meli nyingi za watalii ofisi zake ziko Marekani. Kwenye cheti cha afya tofauti ya mwezi mmoja inaweza kuwa ndo tofauti ya kupanda na kuachwa.

Tukafika kwenye cheti cha afya cha baharia. Alipima tarehe 20 Juni 2023, kipindi kile alikuwa anajaribu kuomba mara ya kwanza akiwa bado kambini. Cheti hiki kwa mtu mzima kinaishi miaka miwili basi, kwa hiyo chake kinaisha tarehe 19 Juni 2025. Sasa hesabu: anapanda 10 Januari, miezi tisa inampeleka 10 Oktoba. Cheti kinakufa katikati ya mkataba, mwezi wa sita, wakati kazi bado imebaki karibu miezi minne. Sheria inayo nafasi kidogo, kwamba kikiisha ukiwa safarini kinaendelea kutumika mpaka bandari inayofuata ambako kuna daktari anayetambulika, isizidi miezi mitatu, lakini hiyo ni ya kumsaidia mtu aliyeko melini tayari, haijawekwa ili mtu apande akijua kabisa kitaisha. Mwajiri akiona 19 JUN 2025 kwenye CV ya mtu anayepanda Januari, anaweka pembeni anachukua inayofuata, hakupigii simu kukuuliza. Kwa hiyo alipima upya Novemba, na wakati anasubiri tuliandika kwenye jedwali cheti cha sasa na tarehe yake halisi, halafu pembeni tukaweka kwamba kipimo kipya kimepangwa mwezi wa 11. Kuficha tarehe ni kazi bure, maana nakala ya cheti utaombwa tu.

Vyeti vya mafunzo vyenyewe havikuwa na shida, vilikuwa vipya. Ila kwa walio navyo siku nyingi mjue kwamba kujiokoa na kuzima moto unatakiwa kuthibitisha tena kila baada ya miaka 5, kwa hiyo aliyesoma Machi 2020 akaenda kukaa nyumbani, leo vyeti vyake viwili kati ya vinne havimsaidii mpaka akarudie. Chanjo ya homa ya manjano ni rahisi, toka Julai 2016 cheti chake kinadumu maisha hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Pasipoti kampuni nyingi zinataka iwe imebakiza angalau miezi 6 baada ya mkataba kuisha, siyo baada ya siku ya kupanda, watu wanachanganya hapo.

Kitu kingine kwenye jedwali ni jina. Kwetu huku majina yanaandikwa kila mtu anavyosikia, mwenye jina kama Tusajigwe anakuta cheti cha kuzaliwa kimeandikwa hivyo, cha kidato cha nne kimeandikwa Tusajigwa, na cheti cha moto kina majina mawili wakati pasipoti ina matatu. CV ifuate pasipoti herufi kwa herufi, na vyeti vya usalama hakikisha pale pale chuoni kabla hujapokea, maana kurudi Dar kubadilisha herufi moja ni nauli nyingine ya kwenda na kurudi.

Na cheti chenyewe kitoke chuo kinachotambulika. Kwa Bara mamlaka ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, na chuo cha serikali kinachojulikana ni DMI pale Dar es Salaam. Kuna watu wanauza vyeti kwa simu, unalipa unatumiwa karatasi bila kugusa maji. Ukitaka kujua mtu kasoma kweli au kanunua muulize alifanya nini kwenye kujiokoa. Aliyesoma atakwambia aliruka majini na laifujaketi, aligeuza boya la mpira lililopinduka likakaa sawa, akapanda ndani yake toka majini, akaelea bila laifujaketi. Kwenye moto atakwambia alivaa mtungi wa hewa mgongoni akaingia chumba cha moshi. Kwenye usaili wanauliza hivyo hivyo. Huyu binti alikuwa hajawahi kuogelea maisha yake yote, maji mengi aliyokuwa ameyaona ni ya Matema, na akaruka, na mimi namheshimu sana kwa hilo, kwa hiyo nilimwambia ajiandae kulisimulia kwa Kiingereza chepesi bila kukariri.

Kuna cheti kimoja hakuwa nacho, cha kusimamia umati wa abiria wakati wa dharura. Watu walimshauri aandike tu. Nikakataa. Kampuni nyingi zinatoa hayo mafunzo zenyewe, kuandika usichonacho kunaharibu hata vile vitano ulivyonavyo kihalali. Badala yake tulikipa nafasi hicho kitu kwenye sehemu ya kazi, na hapa ndo palinifurahisha.

Kwenye loji aliandika "customer care nzuri, mchapakazi, nafanya kazi kwa presha". Kila mtu anaandika hivyo. Nikamuuliza: asubuhi ulikuwa unahudumia watu wangapi? Akasema kukiwa na semina ni sitini hivi, bafee, weita wawili. Meza zako ngapi usiku? Nane. Ulikuwa unapokea hela? Ndiyo, keshi na mashine ya kadi, na anafunga hesabu mwenyewe. Mgeni mwenye mzio wa karanga ulifanyaje? Akaeleza vizuri kabisa, anaandika kwenye oda, anaenda mwenyewe jikoni kumwambia mpishi, sahani inatoka peke yake. Hayo yote hayakuwepo kwenye CV! Halafu akataja kitu kama vile hakina maana, kwamba kuna siku mpira wa gesi ulichomoka jikoni wakati wageni wanakula, yeye ndo aliyewatoa watu nje kwa mlango wa nyuma, akahesabu meza kwa meza, akarudi kuangalia vyoo kama kuna mtu. Nikamwambia huo mstari ndo unakwenda juu kabisa chini ya kazi ya loji. Kwa sababu kwenye meli hicho ndicho utakachofanya, una laifujaketi, una kofia ya rangi, unasimama kwenye ngazi unawaelekeza watu waliolala wameamka na pajama kwenda kituo chao cha kukusanyikia, na unahesabu. Mtu wa kuajiri akikutana na mstari kama huo anaona mtu ambaye kichwa chake kinabaki kimetulia wengine wakichanganyikiwa.

Kwa hiyo kila kazi ilibaki na mistari minne mitano, kila mstari kitendo na kiasi chake. Shule ya msingi ikatoka. Dini na kabila vikatoka. Picha ikabaki, maana meli za watalii wanapenda picha, ila safi ya pasipoti, siyo ya harusini.

Lugha. Aliandika "Kiingereza: fasaha". Fasaha kwa kipimo cha nani? Kampuni za meli zinapima, wengi wanatumia mtihani wa Marlins ambao umetengenezwa kwa ajili ya mabaharia, wengine wanatumia ngazi za Ulaya toka A1 hadi C2. Andika mtihani, alama na tarehe. Kama hujafanya mtihani andika unachoweza kufanya, mfano kwamba umehudumia wageni wa nje kwa Kiingereza kila siku kwa karibu miaka miwili kambini, unaeleza menyu, unapokea malalamiko. Yeye alipimwa akapata B1 na tukaandika B1 hivyo hivyo, kwa uweita inatosha sehemu nyingi na usaili wa video ungemuumbua akiandika C1. Kifaransa chake cha salamu tukakitoa. Lugha ya pili ya kigeni iwekwe kama unaweza kuchukua oda kwa lugha hiyo na kumwambia mtu "nifuate, usitumie lifti". Siku ya dharura ndo lugha inapimwa kweli, mafunzo ya kusimamia umati yanataka uweze maneno ya msingi ya Kiingereza ya kutoa maelekezo, na pale maneno yanaposhindikana, ishara za mikono. Kinyakyusa kilibaki mwisho wa orodha, hakidhuru, ni lugha yake.

Sasa mkataba mrefu mbali na nyumbani, ambapo vijana wengi wa huku wanadhani hawana cha kuandika kwa sababu hawajawahi kupanda meli. Mwajiri anaogopa kitu kimoja: mtu anapanda, mwezi wa pili analia, anaomba kurudi, na sheria ya kazi za mabaharia, MLC ya 2006, inaweka gharama za kumrudisha baharia nyumbani kwa mwenye meli katika hali nyingi, halafu nafasi imebaki wazi katikati ya bahari. Kwa hiyo anatafuta ushahidi kwamba wewe unaweza kukaa. Na binti alikuwa nao mkononi. Kambi ya Ruaha huwezi kurudi nyumbani jioni. Alikuwa anakaa wiki 8 kazini, wiki 2 nyumbani, analala chumba kimoja na wenzake wawili, mtandao wa shida, msibani hafiki kwa wakati. Kwenye CV yake ilikuwa "Weita, Ruaha, 2022 hadi 2024". Tukaandika: kambi ya mbugani, kuishi kituoni, zamu za wiki 8, chumba cha pamoja, mikataba ya msimu yote imemalizika. Aprili na Mei 2023 kambi ilifungwa kwa mvua, tukaandika hivyo hivyo kwamba kambi ilifungwa msimu wa masika, ili pasionekane pengo la kushangaza. Na toka Aprili hadi Julai 2024 alikuwa Uyole anamsaidia mama yake shambani kwenye viazi huku anakusanya ada, mstari mmoja, hakuna aibu yoyote.

Nilimwambia pia kabla hajatuma ajue anachoomba. Miezi tisa kule siku ya kupumzika kama Jumapili haipo, unafanya kazi siku saba kwa wiki, sheria inakulinda kwa mapumziko ya angalau saa 10 ndani ya saa 24 na saa 77 ndani ya siku saba, basi. Wakimuuliza utafanyaje msiba ukitokea nyumbani awe na jibu la kweli, lile ambalo ameshaongea na mama yake. Waliongea. Mama aliuliza maswali mengi na makali na ilikuwa sawa aulize.

Kwa ambao mmeshapanda meli sehemu ya kazi inakuwa rahisi zaidi lakini ina masharti yake. Kila mkataba mstari wake: jina la meli, kampuni, cheo, tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, na sababu ya kushuka. Usiunganishe mikataba mitatu ukaandika "2019 hadi 2023", wanataka kuona kila mmoja ulivyoisha. Neno "mkataba umeisha" lina thamani kubwa sana, na kama ulishuka mapema kwa ugonjwa andika ugonjwa na kwamba umepona na cheti kipya cha afya unacho, maana tarehe zako wanalinganisha na mihuri ya kitabu cha baharia. Likizo ya wiki sita hadi nane kati ya mkataba na mkataba hawaulizi, ni kawaida. Ikizidi miezi mitatu minne weka mstari.

Na CV isiende kwa kila mtu. Wakala anayekuomba hela ili akupatie nafasi melini anavunja MLC, sheria inasema gharama ambazo baharia anaweza kubeba ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, na viza imeandikwa wazi ni juu ya mwenye meli. Kuna familia huku zimeuza ng'ombe kwa ajili ya wakala ambaye simu yake haipatikani tena, na mimi nakasirika kila nikisikia. Kwenye CV weka pasipoti ya nchi gani na inaisha lini, namba yenyewe waipate baadaye kwenye fomu ya kampuni uliyoihakikisha.

Ile ya kurasa nne ikawa mbili. Tukaihifadhi PDF, faili limeandikwa jina lake, cheo na mwezi wa kupanda, na vyeti vyote vimeskaniwa kwenye faili moja kwa mpangilio ule ule wa jedwali ili anayesoma asiwe anatafuta. Alituma mwishoni mwa Novemba akiwa na cheti kipya cha afya, akaitwa usaili wa video wiki mbili baadaye, swali la kwanza lilikuwa cheti cha afya kinaisha lini na la pili lilikuwa lile la mpira wa gesi, wakataka asimulie dakika kwa dakika. Januari haikupatikana, wakampa Machi, na kwa sababu cheti kilikuwa cha Novemba 2024 hakikuwa na wasiwasi na miezi tisa ya kuanzia Machi. Nilimwagiza kabla hajashuka achukue barua ya utendaji kwa mkuu wake wa mgahawa na ahakikishe kitabu cha baharia kimegongwa muhuri wa kushuka, maana ukishatoka bandarini kuupata tena huo muhuri ni kazi kubwa, na bila huo muhuri mstari wa kwanza wa meli kwenye CV yake mpya hautakuwa na kitu cha kuushikilia.